Pembe ya Duka kwa Mwenzio: Kodi Ikigawanywa, Ufunguo ni wa Nani?

Katika mtaa wa Biashara, Nairobi, na katika majengo ya barabara ya Moi na ya Tom Mboya, ni nadra leo kuona duka la bwana mmoja. Mbele pana kabati la vioo la manukato na udi, ukutani yametundikwa mabuibui, na nyuma yupo fundi na cherehani yake. Watatu hao hawana ushirika wa mali. Wanachoshirikiana ni kodi, mlango na taa. Hali ni hiyo hiyo upande wa magharibi wa mji, Kawangware na Kangemi, ila huko utamkuta msusi amempa wakala wa M-Pesa pembe ya chumba chake. Wengi wa mabinti zetu waliotoka pwani kwenda kutafuta riziki Nairobi wameanzia katika pembe kama hizo, na wazazi huku nyumbani hutuuliza kama jambo hilo lina salama. Lina salama, lakini mwenye pembe ajue tangu siku ya kwanza kwamba mlango anaoutegemea si wake.

Tutazame kwanza ni nani anayetoa ruhusa. Mpangaji mkuu amelipa kodi, lakini hilo halimpi uhuru wa kumwingiza amtakaye. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inamtaka apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye jumba kabla ya kumpangisha mwingine sehemu yoyote, na mwenye jumba naye hatakiwi kuinyima bila sababu ya maana. Idhini ya mdomo iliyotolewa na mwangalizi wa jengo haitoshi, kwani mwangalizi huondoka na maneno yake huondoka naye. Barua fupi inatosha: jina la mpangaji mkuu, jina la anayeingia, sehemu anayopewa, biashara atakayoifanya, na sahihi ya mwenye jumba au wakala wake. Pasipo barua hiyo, mpangaji mkuu amevunja masharti yake, na mwenye pembe amesimama juu ya kosa la mtu mwingine.

Kodi igawanywe vipi? Tufanye mfano. Duka lina mita za mraba 20 na kodi yake ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Muuza manukato anataka mita 4 karibu na mlango. Wengi watasema hiyo ni sehemu moja ya tano, basi alipe 12,000. Hesabu hiyo humdhulumu mpangaji mkuu. Katika zile mita 20, tuseme 5 ni njia ya kupitia wateja, na njia hiyo wanaitumia wote wawili. Mahali pa kuuzia ni mita 15 tu, na mita 4 katika 15 ni shilingi 16,000. Kisha mahali pa mbele huonekana na mpita njia, na pa nyuma hapaonekani, kwa hiyo wakikubaliana kuongeza 2,000 kwa ajili ya mlango, si dhuluma. Muuza manukato atalipa 18,000 na mwenye mabuibui atabakiwa na 42,000. Umeme usifuate mgawanyo huo. Kabati la manukato lina taa mbili ndogo, ilhali pasi ya fundi inaweza kumaliza tokeni ambazo wenzake wangezitumia kwa siku nyingi. Mwenye pasi na afungiwe mita yake ndogo.

Wapo wanaotaka kulipa sehemu ya mauzo badala ya kiasi maalumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ujira wa kupangisha sharti ujulikane, na mauzo ya kesho hayajulikani. Hata tukiacha fikihi kando, mpango huo humfanya mmoja awe mkaguzi wa droo ya mwenzake, na urafiki hauvumilii hilo kwa muda mrefu. Ama mpangaji mkuu kupangisha kwa bei iliyozidi aliyolipa yeye, Shafi wanaruhusu akiisha kukabidhiwa mahali, na Hanafi wameliwekea masharti. Ikiwa mmoja wenu anafuata madhehebu hayo, na amuulize sheikh wake kabla ya kutia sahihi.

Sasa tufike penye hatari yenyewe. Mwenye pembe analipa shilingi zake 18,000 kila mwezi bila kuchelewa. Mpangaji mkuu anazipokea, lakini ana ada za shule, ana mgonjwa, na kodi haimfikii mwenye jumba. Baada ya miezi mitatu anakuja dalali na karatasi mkononi, na anaorodhesha kila kitu kilichomo dukani, manukato pia. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi haimwachi mwenye pembe bila kinga. Inampa nafasi ya kumkabidhi mwenye jumba au dalali tamko la maandishi kwamba bidhaa hizi si za mpangaji mkuu, pamoja na orodha yake, na kueleza kodi anayodaiwa yeye mwenyewe, ambayo sasa ataipeleka moja kwa moja kwa mwenye jumba. Lakini tamko bila ushahidi ni maneno matupu. Stakabadhi za bidhaa ziwe kwa jina lake, kibali cha biashara cha kaunti kiwe kwa jina lake, na namba ya kupokelea malipo ya M-Pesa iwe yake. Binti anayenunua mzigo kupitia akaunti ya mpangaji mkuu, kwa kuwa wanaelewana, ndiye atakayeshindwa kusema siku hiyo chupa ipi ni yake.

Dawa iliyo bora ni kuizuia siku hiyo isifike. Kama kodi ya jengo inadaiwa tarehe 5, mwenye pembe alipe tarehe 1, na mwenye jumba akiridhia, apeleke fungu lake moja kwa moja kwenye akaunti ya jengo. Asiporidhia, mpangaji mkuu na amwonyeshe stakabadhi ya kodi siku ile ile aliyolipa. Stakabadhi ikianza kucheleweshwa, au mpangaji mkuu akiomba kodi ya miezi miwili mbele, au mwangalizi akianza kupita dukani mara kwa mara akiuliza alipo, hizo ni dalili, na mwenye pembe asione haya kuuliza.

Mpangaji mkuu naye ana la kujihadhari nalo. Chini ya Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, upangaji usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, unalindwa, na ulinzi huo unamhusu hata mpangaji aliyepangishwa na mpangaji. Ikiwa pembe ina mipaka yake na mwenyewe anaishikilia peke yake, hawezi kuambiwa jioni kwamba kesho asije. Anastahili ilani ya maandishi ya miezi miwili, na akiipinga, shauri huenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara. Meza inayowekwa asubuhi na kuondolewa magharibi ni jambo jingine. Hiyo huwa ni ruhusa tu, na wote wawili waandike wazi kwamba ni ruhusa.

Katika karatasi yao wasisahau mambo yanayoonekana madogo: bidhaa ambazo kila mmoja hatauza, nani anashika ufunguo wa pili, duka linafungwa saa ngapi siku ya Ijumaa, na katika Ramadhani nani anabaki baada ya futari. Waandike pia habari ya kilemba. Mpangaji mkuu akiamua kumwachia mtu mwingine duka kwa kilemba, mwenye pembe aarifiwe kabla ya fedha kupokelewa, amana yake irudishwe au ihamishiwe kwa anayeingia kwa maandishi, na kabati lake la vioo lisihesabiwe miongoni mwa vitu vilivyouzwa.