Tano kwa Kumi ya Nini?

Tuseme binti wa Gatumba amejipiga picha saa sita mchana, mgongo kwenye ukuta mweupe na simu mkononi mwake. Anawauliza rafiki zake: "Kati ya kumi, mnanipa ngapi?" Anayejibu "tano" hudhani amepima uso. Amepima pia umbali wa simu na mahali jua lilipo.

Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita 1.5. Pua imetangulia mbele ya masikio. Simu ikiwa karibu, pengo hilo dogo huwa sehemu kubwa ya umbali wote, basi pua hukua na masikio hujificha nyuma ya mashavu. Masikio yakipotea pichani, jua kwamba simu ilikuwa karibu mno. Ukuta mweupe nao huidanganya kamera: inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso mweusi unazama gizani.

Bado yuko mtazamaji. Mwaka 2006 mtafiti Martin Tovée na wenzake walionyesha picha za miili ya wanawake kwa Waingereza, kwa Wazulu wa vijijini Afrika Kusini, na kwa Wazulu waliohamia Uingereza. Wa vijijini walipenda miili minene zaidi; kwao wembamba ulihusishwa na maradhi na ufukara. Wahamiaji, baada ya takriban mwaka mmoja na nusu tu, walikuwa wamekwisha kusogea kuelekea macho ya Waingereza. Utafiti huo ulihusu miili. Kwa nyuso, mtafiti Johannes Hönekopp alikuta mwaka huohuo kwamba takriban nusu ya hukumu ni ladha ya pamoja, na nusu ni ya mtu binafsi. Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu ni ladha tu. Lakini namba moja haikuambii nusu ipi imesema.

Rafiki mwema huanza kwa kuuliza: "Dada, picha hii ni ya kuombea kazi, au ya kumpelekea bibi Uvira?" Kisha husema alichokiona na kinachoweza kubadilishwa: "Macho yako yamefunikwa na kivuli. Ingia barazani, elekea kwenye mwanga. Mpe mdogo wako simu asimame hatua mbili mbele yako, aguse uso wako kwenye skrini kabla ya kupiga." Picha ya pili ikitoka, aonyeshwe zote mbili mtu ambaye hakusikia ushauri huo, aulizwe ipi inafanana zaidi na dada mwenyewe.

Akikuomba namba, usimpe. Mwambie asimame wapi.