"Nilikuwa nauza tu sokoni": namna ya kueleza ile kazi wakati wa mahojiano



Wakati koperative inatafuta mutu wa kuchunga depo, tunakaa pamoja na komite kuuliza wale walioomba kazi. Mara nyingi tunasikia jibu moja. Tunauliza: "Mama, umekwisha kufanya kazi gani?" Yeye anaangalia chini, anasema: "Hakuna baba, nilikuwa nauza tu maharagi sokoni." Komite inaandika kwenye karatasi: hana uzoefu. Ni kwa njia hiyo depo inaweza kupewa mutu ambaye hajapokea hata gunia moja katika maisha yake, na mavuno ya wanachama yanaozea ndani.

Lile neno "tu" ndilo linaharibu. Tuone mufano wa mama mumoja muuza maharagi, ambaye tulifanya naye mazoezi mbele ya mahojiano.

Kwanza, hesabu

Tulimuuliza: kwa juma moja unauza magunia mangapi? Akasema mawili, ya kilo 100. Kwa mwaka unauza majuma mangapi? Akafikiri: kuna majuma ya ugonjwa, ya kilio, ya barabara kuharibika. Akasema karibu 40. Basi ni magunia 80 kwa mwaka, maana yake tani 8. Na ile kazi aliifanya miaka 5. Mama mwenyewe alishangaa, kwani hakuwa amejumlisha hata siku moja.

Sasa jibu lake linabadilika: "Kwa miaka 5 nilinunua, nilichunga na niliuza karibu tani 8 za maharagi kila mwaka." Hakuongeza kitu. Ni kazi ile ile, lakini sasa komite inaweza kuipima na kuilinganisha na depo yake.

Muwe waangalifu hapa. Namba ambayo hamwezi kueleza, muiache. Mutu akisema tani 50 kwa mwaka, komite itamuuliza alizibeba na nini, alizilaza wapi, na feza ya kununua ilitoka wapi. Hapo uongo unajulikana upesi.

Pili, kutafsiri kazi ya meza kwa kazi ya depo

Wanaouliza wanafikiria depo: kupokea, kuchunga, kutoa, kuandika. Basi kila kitu mulichofanya sokoni mukipange kwa maneno hayo.

Yule mama, wakati wa kununua, anaingiza mukono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu wengine wanaficha maharagi mabaya katikati. Anavunja mbegu moja kwa meno: ikivunjika kwa sauti, ni kavu, ikilainika, bado iko na maji. Hiyo inaitwa kupokea na kupima ubora. Nyumbani anaweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na lile lililoingia kwanza ndilo anauza kwanza. Hiyo ni kuchunga stoki. Jioni anahesabu kilichobaki. Hiyo ni inventeri.

Fishi ya stoki, ile inayotisha watu wengi, ni kaye yenye mistari mine: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Siku ya kwanza ziliingia kilo 200, zikatoka 65, zikabaki 135. Siku ya pili hakuna kilichoingia, zikatoka 70, zikabaki 65. Siku ya tatu mama anapima magunia, anapata kilo 61. Kilo 4 ziko wapi?

Muuza maharagi anajua. Kidogo ni mawe na mbegu zilizotobolewa na wadudu. Kinachobaki ni matabishi, ile nyongeza ya kufurahisha mununuzi juu ya kopo. Mutu anayeweza kuonyesha tofauti na kueleza inatoka wapi, huyo anafaa kuchunga depo.

Tatu, tatizo moja lililoisha

Karibu kila komite itauliza: "Tuambie shida uliyopata na namna uliimaliza." Chagueni moja, na muieleze kwa mupango: ilikuwa nini, mulifanya nini, ikatoa nini.

Mama alieleza hivi: "Mwaka wa kwanza nilikuwa napoteza kilo 5 kwa kila gunia, juu ya takataka na wadudu. Nikaanza kupima na kupepeta mbele ya kulipa, na nikaacha kununua kwa wale waliochanganya mabaya. Ikashuka mpaka kilo 2." Kilo 3 kwa magunia 80 ni kilo 240 alizookoa kwa mwaka. Jibu la namna hii linatosha. Maneno kama "mimi ni mutu wa bidii" hayasaidii, kwa sababu kila mutu anayasema.

Ine, mashahidi

Mutu wa ofisi analeta barua ya musimamizi wake wa zamani. Muuzaji analeta nini? Kaye zake za zamani, hata kama zimechakaa na kuwa na mafuta ya taa. Risiti za kodi ya soko na patenti, kama anayo. Barua fupi ya prezida wa komite ya soko, inayosema anamujua tangu mwaka gani na anauza nini. Pia jina la mulimaji ao mwenye gari waliyefanya naye kazi muda murefu, baada ya kumuomba ruhusa.

Kama hamukuandika kitu, musitengeneze kaye ya miaka 5 kwa usiku mumoja. Wino mumoja, mwandiko mumoja, karatasi mupya: komite inaona. Muanze leo kuandika kweli. Kaye ya miezi 2 ya kweli inapita ile ya uongo ya miaka 5.

Mahali soko na depo havifanani

Kuna ulizo moja linaloangusha wauzaji wazuri: "Ndugu yako amekuja depo, anaomba gunia moja, atalipa kesho. Utafanya nini?"

Sokoni, kukopesha ni haki yenu, kwa sababu mali ni yenu, na hasara ikiingia inabaki kwenu. Kwenye depo mali ni ya wanachama. Hakuna matabishi, hakuna deni, na hakuna gunia linalotoka bila boni yenye sinyatire ya yule komite iliyemuchagua. Basi mujibu: "Nitamuheshimu kama ndugu, nitamutuma kwa komite, lakini gunia halitatoka bila boni." Muongeze namna mulichunga madeni sokoni, kwa sababu inaonyesha munajua uzito wa jambo. Yule mama alisema: "Nilikuwa na wateja 11 wa deni, wote wameandikwa. Mutu asipolipa mwisho wa mwezi, sikumuongezea."

Na kama komite inauliza kitu musichojua, kwa mufano kujaza raporo ya mwezi, museme waziwazi: "Hiyo sijafanya, lakini kaye yangu ni hii." Kisha muiweke mezani. Komite ikisoma kurasa mbili tatu, itaona yenyewe kama ni mutu anayeweza kufundishwa.

Mwisho tunawaambia wale wa komite: siku mutu akijibu "nilikuwa nauza tu", musifunge karatasi. Mumuulize: magunia mangapi kwa juma?