Ng'ombe Alipogeuka Ngómbe

Dada mmoja mwenye steshenari mtaani kwetu alinipigia simu Jumamosi asubuhi. Alikuwa akichapa muhtasari wa kikao cha ushirika wa wafugaji, na wateja wenyewe walikuwa wamekaa kwenye benchi nje wakisubiri. "Kaka, kompyuta imeingiwa na virusi," alisema. "Nikiandika ng'ombe inaniletea ngómbe, na o imevaa kofia. Jana usiku ilijisasisha, leo ndiyo hii."

Nilipofika nilikuta fundi ameshapita na kumwambia kibodi imekufa, anunue nyingine. Nikamwomba dada asinunue kitu kwanza. Nilifungua Notepad, nikabonyeza kitufe cha ritifaa mara moja, nikaondoa kidole. Kwenye kioo hapakutokea kitu. Nikabonyeza o, zikatoka zote mbili zimeungana: ó. Kibodi ilikuwa nzima kabisa. Iliyobadilika ni tafsiri ya kile kitufe.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kitufe hakibebi herufi. Ukikibonyeza, kinachopelekwa kwenye kompyuta ni namba ya mahali kilipo, na mfumo endeshi ndio unaoamua namba hiyo ni herufi gani, kwa kufuata jedwali linaloitwa mpangilio wa kibodi. Lebo iliyochorwa juu ya kitufe ni wino tu. Kwa hiyo sasisho likibadilisha jedwali, vitufe vinabaki na sura ileile huku vikitoa kitu kingine.

Jedwali lililomsumbua dada linaitwa "United States-International". Limetengenezwa kwa watu wanaoandika lugha zenye alama juu ya herufi. Ndani yake ritifaa haiandikwi papo hapo: inangoja herufi inayofuata, na ikiwa ni irabu, inaipandia kichwani. Kwa mwandishi wa Kiswahili hilo ni balaa, maana ng' yetu hufuatwa na irabu karibu kila mara. Ng'ang'ania inakuwa ngángánia, ng'oa inakuwa ngóa. Alama za kunukuu nazo zinangoja vivyo hivyo: ukifungua nukuu na kuandika Asante, unapata Äsante. Lakini jina la Kisukuma linaloanza na Ng'wa linatoka salama, kwa kuwa w haipandiwi na alama. Ukiona baadhi ya maneno yanaharibika na mengine yanapona kwa namna hiyo, huna haja ya kutafuta virusi.

Jedwali hilo lilifikaje steshenari? Mashine ya dada ni mtumba kutoka Uholanzi. Ukiweka Kiholanzi kwenye Windows, mpangilio huo ndio unaokuja nacho, na vitufe vyake vinafanana na vya Kimarekani, hivyo kwa macho hutambui. Aliyemuuzia alikuwa ameongeza Kiingereza juu yake bila kukiondoa Kiholanzi. Kililala hapo muda wote. Baada ya kupanda kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, safari ambayo watu wengi wameifanya tangu Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa Oktoba 2025, mpangilio uliolala ukawa ndio unaotumika. Na si lazima sasisho liwe na hatia kila mara. Alt ya kushoto na Shift zikibonyezwa pamoja kwa bahati mbaya zinaweza kuhamisha lugha, na anayechapa kwa kasi hajui kama amezigusa.

Kwa hiyo pa kutazama kwanza ni pembe ya chini kulia ya kioo, karibu na saa. Kama kompyuta ina mpangilio zaidi ya mmoja, utaona herufi chache kama ENG au NLD. Shikilia kitufe cha Windows, ubonyeze Space, na orodha itafunguka ikionyesha lugha na mpangilio wa kila moja. Chagua ule ulioandikwa "US" bila neno lingine, kisha jaribu ritifaa tena kwenye Notepad.

Ukitibu hapo tu, kesho utarudi. Dawa ya kudumu ni kuufuta mpangilio usiouhitaji. Ingia Settings, kisha Time & language, kisha Language & region. Kwenye nukta tatu zilizo kando ya lugha chagua Language options, nawe utaona mipangilio yake chini ya Installed keyboards. Wakati mwingine mpangilio unaonekana kwenye orodha ya pembeni lakini humu ndani haumo. Hapo uongeze mwenyewe, halafu uuondoe; mara nyingi unaondoka na kivuli chake. Ukitaka kuona mipangilio iliyosajiliwa chini ya kila lugha, fungua PowerShell uandike:

```
Get-WinUserLanguageList
```

Kwenye mstari wa InputMethodTips, namba inayoishia 00000409 ni Kimarekani cha kawaida, na inayoishia 00020409 ndiyo ile inayopandisha alama.

Kuna mahali pamoja ambapo kosa la aina hii linauma zaidi: mlango wa kuingilia. Mashine zilizotumika Uingereza zina alama ya £ juu ya 3. Kwa mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, Shift na 2 hutoa alama za kunukuu, na @ iko kwenye kitufe cha ritifaa. Kwa wa Kimarekani ni kinyume chake. Mwenye pasiwedi yenye @ anaweza kuiandika sahihi mara kumi na kukataliwa mara kumi. Bonyeza alama ya jicho kwenye kisanduku cha pasiwedi uone kilichoandikwa kweli. Skrini hiyo ina mpangilio wake, haifuati lazima ule uliouchagua ukiwa ndani. Ili vilingane, pale Language & region ingia Administrative language settings, kisha Copy settings, uweke tiki kwenye Welcome screen.

Fonti husingiziwa sana katika mambo haya, ingawa kuitenganisha na kibodi ni rahisi. Kibodi huamua ni herufi gani; fonti huamua herufi hiyo ina sura gani. Teua neno lililoharibika, ubadilishe fonti. Kama ó imebaki ó katika kila fonti, kosa ni la mpangilio. Kama kulikuwa na kisanduku kitupu na sasa kimekuwa herufi, basi fonti ya mwanzo haina umbo la herufi hiyo, au haimo tena kwenye mashine na nyingine imeshika nafasi yake. Katika hali hiyo maandishi yenyewe hayajaguswa, usiyachape upya.

Ya dada yalikuwa yameguswa: kurasa nne. Tulinakili gó kutoka kwenye waraka, tukaibandika kwenye Find, tukaandika g'o kwenye Replace, tukafanya hivyo kwa kila irabu, herufi kubwa na ndogo. Tulibadilisha moja moja tukitazama, kwa sababu jina la kigeni kama Gómez lina haki ya alama yake. Ilichukua chini ya robo saa, na wafugaji wakaondoka na muhtasari wao.

Kwa hiyo wewe uliyeambiwa ununue kibodi mpya siku moja baada ya sasisho, subiri kidogo. Fungua Notepad, bonyeza ritifaa mara moja, utazame kama inatokea papo hapo au inangoja.