Ukitajiwa elfu thelathini, ujibu ngapi?

Mtu anayepanda Mgeta mwezi wa sita akitokea Dar es Salaam huanza kutafuta koti akishafika Morogoro mjini. Huku chini kuna jua, lakini ukishapita Mlali na kuanza kuukwea mlima, baridi haina mjadala. Anakwenda kwenye mitumba, analishika koti zito la sufu, anauliza bei. Anaambiwa elfu thelathini. Hapo hapo muuzaji anamgeuzia swali: "We una ngapi?"

Ushauri wa kulijibu swali hilo umejaa kila kona. Tuuchambue mmoja mmoja.

"Kata nusu, huwezi kukosea." Si kweli.

Kanuni hii ingefaa kama wauzaji wote wangekubaliana kuzidisha bei mara mbili. Hawajakubaliana. Kinachoamua bei ya kutaja imepanda kiasi gani ni ugumu wa mteja kuijua bei halisi. Koti la mtumba ni moja tu la aina yake. Huwezi kwenda meza ya pili ukalikuta lile lile, kwa hiyo muuzaji ana nafasi kubwa ya kupandisha. Nyanya zinazouzwa na akina mama kumi waliokaa mstari mmoja hazina nafasi hiyo.

Chukua fungu la nyanya la shilingi 1,000 pale Soko la Mawenzi. Tuseme mama amenunua ndoo kwa 15,000 na ametoa mafungu 20. Akiyauza yote anapata 20,000, na hapo bado hajatoa ushuru, mbebaji, wala nyanya zilizobonyea chini ya ndoo. Ukimwambia 500, unamtaka auze ndoo nzima kwa 10,000, yaani chini ya alivyonunua. Ndiyo maana hata hakujibu, ameendelea kupanga mafungu yake. Kwenye mboga lipa bei iliyotajwa, kisha useme, "Mama, niongezee." Nyanya mbili au tatu za juu ya fungu ndizo punguzo lenyewe, na ukizihesabu utakuta si haba.

"Bei ya kwanza ni maneno tu, ipuuze." Si kweli.

Huwezi kuipuuza hata ukitaka. Mwaka 1974 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jaribio ambalo msomaji wa Kiafrika hawezi kulisahau. Watu walizungushiwa gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 walikadiria kwa wastani 25, walioona 65 wakakadiria 45. Namba haikuhusiana na swali hata kidogo, lakini iliwavuta. Sembuse namba iliyotajwa na mtu aliyeshika koti unalolitaka?

Dawa yake ni kuingia sokoni ukiwa tayari na namba yako. Kabla ya kugusa koti, pita meza tatu au nne, uliza bei ya makoti ya uzito ule bila kutaja yako. Kilicho bora zaidi ni kusimama karibu na mtu anayenunua na kuangalia noti zinazotoka mkononi mwake. Bei zinazotajwa zote ni za kufungulia mazungumzo, ila noti zinazotoka mfukoni hazidanganyi. Tuseme umeona makoti mawili ya kufanana na lako yakichukuliwa kwa elfu kumi na nane hivi. Hiyo ndiyo namba yako, na usikubali elfu thelathini iivute.

"Mtakutana katikati." Kweli, lakini ina masharti.

Howard Raiffa wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1982 kwamba ukizijua bei mbili za kwanza, ya muuzaji na ya mnunuzi, makisio mazuri ya mahali watakapoishia ni katikati ya hizo mbili, ilimradi katikati hapo pawe mahali ambapo wote wawili wanaweza kukubali. Wachuuzi wetu wanalijua hili bila kitabu. Na kama ndivyo, jibu lako la kwanza linaweza kupigiwa hesabu: pima umbali ulio kati ya bei yake na bei ya haki, kisha uhesabu umbali huo huo upande wa chini.

Haya, tulirudie koti. Ametaja 30,000, wewe unajua 18,000. Tofauti ni 12,000. Ukishuka 12,000 nyingine chini ya 18,000, unapata 6,000. Je, utaje elfu sita?

Usitaje. Fikiria belo lake kwanza. Tuseme belo la kilo 45 amelinunua kwa laki tano na limetoa makoti 50. Kila koti limemsimamia kwa 10,000 kwa wastani, na wastani huo unaficha mengi: kuna yenye zipu mbovu na yenye madoa yatakayoishia kuuzwa elfu tatu tatu mwisho wa wiki, kwa hiyo yale mazuri lazima yabebe hasara ya mabaya. Ukimtajia elfu sita kwa koti zuri, hujajifanya mjanja, umemwonyesha kwamba bei za sokoni huzijui. Mwingine atacheka, mwingine atalikunja koti na kumgeukia mteja wa pili. Au atakukamata hapo hapo, maana asiyejua bei ya chini mara nyingi hajui hata ya juu.

Hesabu ikikupeleka chini ya mtaji wa muuzaji, maana yake ni kwamba bei yake ya kwanza iko mbali mno, na si kazi yako kuiziba nafasi yote hiyo peke yako. Mrudishie mpira: "Dada, hapo sina la kujibu. Shusha kwanza, na mimi nitaje." Akishuka hadi 25,000, hesabu inabadilika. Kutoka 25,000 hadi 18,000 ni 7,000. Toa 7,000 kwenye 18,000, unapata 11,000. Elfu kumi na moja inapita kidogo wastani wa mtaji wake. Inamuudhi kiasi cha kutosha kubishana, haimtusi. Taja hiyo.

Kuanzia hapo tazama hatua zake kuliko maneno yake. Akisema 21,000 nawe ukasema 15,000, kisha yeye 19,000 nawe 17,000, ona alivyoshuka: nne, kisha mbili. Hatua zinafupika, anakaribia sakafu. Kumi na nane inawatosha wote. Kama angeruka kutoka 25,000 hadi 16,000 kwa pigo moja baada ya kusikia elfu kumi na moja yako, ungejua umeanzia juu. Na akisema "Lete hela" kabla hujamaliza sentensi, umeshalipa zaidi, lipa na uende. Ukishataja bei ikakubaliwa, kurudi nyuma ni utovu wa adabu, na sokoni sura haisahauliki. Ndiyo sababu usitaje bei kabisa kwa kitu usichokusudia kununua.

"Ukiondoka atakuita." Mara nyingine. Akikuita, amekutajia karibu na mwisho wake. Asipokuita, umejua sakafu iko juu ya bei yako, na unaweza kurudi bila aibu. Igizo la kuondoka mara tatu halimtishi mtu aliyezaliwa sokoni.

"Wahi asubuhi, mteja wa kwanza hapotezwi." Nusu kweli. Wapo wauzaji wanaolegeza ili wafunguliwe biashara. Lakini kwenye mitumba asubuhi ya belo jipya ndipo bei inapokuwa juu, kwa sababu makoti mazuri bado yamo. Kadiri yanavyochaguliwa, ndivyo bei inavyoshuka pamoja na ubora. Mboga nazo hulegea jioni, kwa sababu mchicha haulali.

"Muuzaji akikubali, basi bei ilikuwa ya haki." Si kweli, na hapa ndipo milimani panapotofautiana na mjini.

Ukipanda Kinole au Nyandira siku ya gulio, unakuta mama ameshusha ndizi au kabichi kwa kichwa tangu alfajiri. Hawezi kuzipandisha tena. Ile hesabu ya kupima umbali chini ya bei ya haki ilifaa kwa mtu mwenye meza, mwenye kesho, na mwenye wateja wengine. Kwa mama huyu itatoa bei ndogo ambayo ataikubali, na atakuwa amekubali kwa sababu ya shingo inayouma na giza linaloingia. Kiswahili cha huko wanaiita kumlalia mtu. Tena wachuuzi wakubwa hawahitaji hata kushusha bei: wanaacha bei ilivyo na kuongeza kipimo. Gunia linashonewa kilemba mdomoni, tayari lumbesa. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haiiruhusu, na Wakala wa Vipimo huwaandama wanaoifunga, lakini barabara za milimani ni nyingi. Kwa hiyo kabla ya kujibu bei, hakikisheni mnazungumzia gunia la namna gani, na sado yenye kitako gani. Sado iliyobonyezwa kitako imeshakupandishia bei kabla hujafungua mdomo.

Huku milimani anza hesabu na bei ya mjini, ukirudi nyuma hadi shambani. Kama mkungu wa ndizi unauzwa kwa jumla 10,000 Morogoro mjini, toa nauli ya mkungu, tuseme 1,500, toa 500 ya kupakia na ushuru, toa 2,000 ambayo mchuuzi angeiita faida yake. Inabaki 6,000, na hiyo ndiyo bei ya shambani mchuuzi anayoweza kuilipa bila kuumia. Mama akitaja 8,000, jibu la hesabu ya mitumba lingekuwa 4,000. Mchuuzi aseme 5,000 na awe tayari kuifikia sita. Wewe uliyekuja na gari lako, unayebeba mikungu miwili ya nyumbani na ambaye nauli huilipi, anza na hiyo sita, na ukiishia saba bado umenunua kwa bei ambayo mjini huipati.