Lango Lililoandikwa na Lango Lililofunguliwa: Upimaji wa Hatari ya Watu Kubanwa katika Mikutano ya Hadhara

Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha na wengine kujeruhiwa katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, mwishoni mwa ibada ya hadhara. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa na viongozi wakati ule, waumini walikuwa wakielekea kutoka kupitia sehemu moja ambako mafuta ya upako yalikuwa yamemwagwa ili wayakanyage. Tukio hili linafaa kuchunguzwa kwa sababu kilichovuta watu na njia yao ya kutokea vilikuwa mahali pamoja. Mkaguzi ambaye angehesabu idadi ya waliohudhuria na milango ya uwanja tu, asingeiona hatari hiyo.

Vyombo vya habari huliita tukio la aina hii mkanyagano. Jina hilo linapotosha kidogo, kwani linaashiria umati uliopagawa ukikimbia juu ya walioanguka. Mara nyingi kinachoua ni kubanwa. Kifua kinaposhinikizwa kutoka pande zote, mbavu hushindwa kupanuka na mtu hukosa hewa, wakati mwingine akiwa bado amesimama. Wanaosukuma kutoka nyuma kwa kawaida hawajui yanayowapata walio mbele, kwa kuwa wanachokiona ni foleni isiyosogea. Tofauti hii ya majina ina uzito katika uchunguzi. Ripoti inayoandika mkanyagano huelekea kutafuta utovu wa nidhamu wa waliohudhuria, ilhali ripoti inayoandika kubanwa hulazimika kuuliza upana wa njia.

Vipimo vinavyohitajika ni vichache. Cha kwanza ni msongamano, yaani idadi ya watu katika mita moja ya mraba. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo, maarufu kama Mwongozo wa Kijani, huweka kikomo cha watu 47 waliosimama katika mita 10 za mraba, sawa na watu 4.7 kwa mita moja. Mtafiti wa Marekani John Fruin alieleza kwamba msongamano unapokaribia watu 7 kwa mita ya mraba, umati huanza kwenda kama maji: mtu hawezi tena kuchagua aelekee wapi, na mawimbi ya msukumo humbeba. Kipimo cha pili ni mtiririko. Mwongozo huohuo hukadiria kwamba katika njia tambarare, kila mita moja ya upana inaweza kupitisha watu 82 kwa dakika. Idadi hiyo ni ya juu kabisa, tena kwa watu wanaotembea bila kusimama.

Mfano wa kubuni utaonyesha jinsi vipimo hivi vinavyoshirikiana. Tuchukulie uwanja uliozungushiwa uzio, wenye lango la mita 4 ambalo upande wake mmoja umefungwa kwa mnyororo. Upana unaotumika ni mita 2, na kwa hiyo watu 164 wanaweza kutoka kwa dakika. Mkutano unapomalizika, watu 300 kwa dakika wanafika langoni. Kila dakika watu 136 wanabaki mbele ya lango, katika eneo la mita 150 za mraba. Baada ya dakika 5 hivi eneo hilo limefikia kikomo cha watu 4.7 kwa mita. Kabla ya dakika 8 kutimia limefikia watu 7. Kati ya hali ya kuvumilika na hali ya kuua pana takriban dakika mbili na nusu. Huo ndio muda alionao msimamizi kutambua tatizo, kuwasiliana na wenzake na kusimamisha mwendo wa watu walio nyuma.

Sasa kiongezwe kitu cha kuwasimamisha watu langoni: mafuta, zawadi, ukaguzi wa mikoba, au mchuuzi aliyepanga bidhaa zake nje ya kizingiti. Ikiwa kusita huko kunapunguza mtiririko hadi nusu, watu 82 tu watatoka kwa dakika na 218 watabaki. Kikomo kitafikiwa baada ya dakika 3 na ushei, na hali ya watu 7 kwa mita itafika kabla ya dakika ya 5. Muda wa kuokoa umepungua hadi dakika moja na nusu hivi. Idadi ya waliohudhuria haikubadilika wala lango halikupungua hata sentimita moja. Tena hesabu hii ni ya upole, kwa sababu imechukulia kwamba lango linaendelea kupitisha watu kwa kasi ileile. Kwa kweli, kadiri watu wanavyobanana ndivyo hatua zao zinavyofupika, na mtu mmoja akianguka kizingitini mtiririko unaweza kukoma kabisa.

Kwa hiyo kumbukumbu iandike lango jinsi linavyotumika saa ya kutoka, ambavyo aghalabu ni tofauti na lilivyochorwa kwenye ramani. Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika katika uchunguzi wa maafa ya uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, yaliyotokea tarehe 15 Aprili 1989 na hatimaye kuhesabiwa vifo 97. Vizimba viwili vya katikati, walimofia watu hao, vilichukuliwa rasmi kuwa na nafasi ya watu 2,200. Wataalamu walipovipima upya kwa kufuata mwongozo uliokuwepo, walipata 1,693. Siku ile waliingia zaidi ya hata idadi ile kubwa, lakini kosa la karatasi lilikuwa limekwishatangulia: hata mlinzi ambaye angezuia watu kwa uaminifu katika idadi iliyoandikwa, angekuwa amezidisha kwa zaidi ya watu 500.

Upimaji wa uwanja wa kawaida hauhitaji vifaa vya gharama. Futi kamba hupima upana wa sehemu iliyo wazi, baada ya kuondoa nguzo, mitaro na pikipiki zilizoegeshwa nje. Mraba wa mita 3 kwa 3 uliochorwa kwa chokaa mbele ya lango humwezesha mtu aliye juu ya jukwaa kuhesabu vichwa: vikipita 42, kikomo kimevukwa. Ni nani anashika ufunguo wa kila lango, na yuko wapi mkutano ukiisha, ni swali la kuandikiwa jibu lenye jina. Saa ya kumalizika nayo iandikwe, kwani giza huwanyima wasimamizi uwezo wa kuona nyuso, na nyuso ndizo huonyesha dhiki mapema.

Hatua za kudhibiti hufuata vipimo hivyo. Kivutio huwekwa mbali na njia ya kutokea, na watu huruhusiwa kuondoka kwa mafungu kutokea nyuma ya uwanja. Kamba ya walinzi inayowekwa langoni penyewe haisaidii. Inawageuza walinzi kuwa kizuizi kingine na kuwabana walio mbele. Mahali pa kuwazuia watu ni mita nyingi kabla ya lango, ambako bado wanaweza kugeuka, na kipaza sauti kielekezwe huko, kwa sababu walio mbele hata wakisikia amri ya kurudi nyuma hawana pa kurudi. Njia hii ya vipimo ina upungufu katika viwanja visivyo na uzio na katika masoko, ambako watu huingia na kutoka kwa pamoja katika njia moja. Huko idadi ya watu 82 kwa dakika haifai kutumiwa, na mtiririko hauna budi kuhesabiwa papo hapo, siku ya gulio, kwa saa nzima ya wingi wa watu.