Akipigwa Mmoja, Wamepigwa Wote: Je, Ndivyo Ilivyo?

Naamini umewahi kusikia ati nchi moja ya NATO ikiguswa tu, zote huingia vitani siku hiyo hiyo. Ubishi huo nimeusikia mara nyingi bwenini, na kila mtu huapa kuwa yeye ndiye mjuzi. Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Haya basi, tuitazame ahadi yenyewe.

NATO ilianzishwa na nchi 12 zilizotia sahihi mkataba mjini Washington tarehe 4 Aprili 1949. Uswidi ilipoingia mwaka 2024, zilifika 32. Moyo wa mkataba huo ni kifungu cha 5: shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja huhesabiwa kuwa dhidi ya wote. Lakini usiishie hapo, ndugu yangu! Kifungu chaendelea kusema kwamba kila nchi itasaidia kwa hatua ile ambayo yenyewe inaona inafaa. Yaweza kutuma wanajeshi, na yaweza pia kutuma vifaa tu. Marekani haikutaka kufungwa zaidi ya hapo, maana kwa katiba yake uwezo wa kutangaza vita ni wa bunge lake.

Kifungu cha 6 nacho kinaweka mipaka: Ulaya, Amerika ya Kaskazini, Uturuki, na visiwa vya Atlantiki vilivyo kaskazini mwa Tropiki ya Kansa. Nairobi iko nje kabisa. Ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa kwetu tarehe 7 Agosti 1998 na watu zaidi ya 200 wakafa, kifungu cha 5 hakikutumiwa.

Kundi lile lile la Al-Qaeda liliposhambulia Marekani yenyewe tarehe 11 Septemba 2001, mambo yalikuwa tofauti. Kesho yake Baraza la NATO lilikutana. Humo hawapigi kura. Jambo hupita iwapo hakuna hata mmoja anayelipinga. Walikubaliana kuwa kifungu cha 5 kitatumika ikithibitika kwamba shambulio limetoka nje. Ushahidi ukaletwa, na tarehe 2 Oktoba wakathibitisha. Hadi leo ndiyo mara ya pekee.

Je, msaada gani ulitoka? NATO ilipeleka ndege 7 zenye rada kubwa mgongoni, zilizolinda anga ya Marekani mpaka Mei 2002. Vita vya Afghanistan vilipoanza tarehe 7 Oktoba 2001, Marekani iliviongoza yenyewe. NATO ilishika uongozi wa kikosi cha kimataifa kule mwaka 2003 tu.

Hapo ndipo lilipo suala la amri. Kamanda mkuu wa NATO barani Ulaya, mwenye makao huko Mons, Ubelgiji, amekuwa Mmarekani tangu Jenerali Eisenhower mwaka 1951. Hata hivyo, hana jeshi lake mwenyewe. Askari ni wa serikali zao, naye hukabidhiwa kwa kazi maalum, mara nyingine kwa masharti. Kule Afghanistan baadhi ya serikali zilikataa askari wao wapelekwe kusini kwenye mapigano makali. Ufaransa nayo ilijitoa katika amri hiyo ya pamoja mwaka 1966, ikarudi mwaka 2009, lakini mkataba haikuuacha hata siku moja. Kumbe mkataba ni kitu kimoja na amri ni kingine!

Sasa tuje kwenye pesa, chanzo cha ugomvi usioisha. Wengi hudhani kila nchi hulipa ada kubwa NATO, kama sisi na karo. La hasha! Mfuko wa pamoja upo, ila ni mdogo. Kinachogombaniwa ni kiasi ambacho kila nchi inatumia kwa jeshi lake yenyewe. Mwaka 2014, kule Wales, walikubaliana kulenga asilimia 2 ya pato la taifa. Marekani ikawa inalalamika kwamba inawabeba wenzake. Mwaka 2025, mjini Hague, lengo lilipandishwa hadi asilimia 5 ifikapo 2035: 3.5 za jeshi na 1.5 za mambo kama barabara na madaraja ya kupitishia majeshi. Uhispania ikasema asilimia 2.1 zinaitosha.

Basi, kama maneno ya mkataba yamelegea hivi, adui anaogopa nini? Anatazama askari walipo. Tangu 2017 NATO imeweka vikosi mchanganyiko katika Estonia, Latvia, Lithuania na Polandi. Kile cha Estonia kinaongozwa na Waingereza. Estonia ikivamiwa, Mwingereza atapigwa saa ile ile, na London haitapata nafasi ya kuuliza hatua gani inafaa. Ahadi ni deni, na askari hao ndio rehani yake.