Asilimia 95 ya mizigo ipi?

Mwenye duka la mtandaoni, hasa anayeuza nguo kutoka Kariakoo, anazijua meseji za aina hii: "Habari dada, sisi ni kampuni mpya ya kusafirisha mizigo. Asilimia 95 ya mizigo yetu inafika kwa wakati, na mteja wako anaufuatilia mzigo kwenye simu yake. Tuanze lini?" Mara nyingi aliyeituma hadanganyi. Ila hiyo 95 inategemea mizigo gani imehesabiwa na ipi imewekwa kando.

Tuseme kampuni imechukua mizigo 200 kwa wiki. Mizigo 30 imerudi kwa kuwa simu ya mteja haikupatikana, na 10 wateja wameikataa mlangoni. Kampuni inasema hayo si makosa yake, inaitoa yote 40 kwenye hesabu, inabaki na 160. Kati ya hiyo, 152 imefika kwa wakati. Gawanya 152 kwa 160, unapata asilimia 95. Lakini wewe ulikabidhi mizigo 200, na kwa hesabu yako iliyofika kwa wakati ni asilimia 76. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya pili ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza afisa mauzo ni hili: mzigo ambao mteja hakupatikana mnauhesabu wapi?

Maneno "mteja hapatikani" yanabeba mengi. Mara nyingine ni kweli, simu imezimwa au mtu yuko kazini. Mara nyingine bodaboda ameona giza linaingia, amebakiwa na mizigo mitano ya mitaa asiyoijua, akaibonyezea yote "hapatikani" ili arudi nyumbani. Kumgundua si kazi ngumu. Fungua orodha ya siku hiyo uangalie saa. Mzigo wa Mbagala na wa Tegeta, dereva mmoja, yote imeandikwa "hapatikani" saa 1:42 na saa 1:44 usiku? Hakuna pikipiki inayovuka Dar es Salaam kwa dakika mbili. Kisha mpigie mteja umuulize kama simu yake iliita. Wengi watakwambia haikuita.

Hapo ndipo ufuatiliaji wa mzigo unapokuwa na maana, na ndipo unapoeleweka vibaya. Kile mteja anachokiona kwenye simu si mzigo wenyewe. Ni kumbukumbu kwamba mtu fulani alibonyeza kitufe au aliskani lebo. Kati ya mtu mmoja na mwingine mzigo hupotea kirahisi, basi cha kuchunguza ni makabidhiano: kutoka kwako kwenda kwa mchukuaji, kutoka kwake kwenda ghalani, ghalani kwenda kwa bodaboda, bodaboda kwenda kwa mteja. Kampuni makini huskani mzigo mbele yako, dukani. Nyingine hukusanya kwanza mizigo ya maduka kadhaa kwenye gunia moja, halafu huskani jioni ikifika ghalani. Mzigo ukidondoka njiani, kwenye mfumo wao haujawahi kuwapo, na wewe huna ushahidi kwamba uliutoa.

Kwa makabidhiano ya mwisho, kampuni nyingine humtumia mteja namba ya siri ya tarakimu nne, naye humtajia dereva akishapokea. Ni kinga nzuri kuliko sahihi ya kidole kwenye kioo cha simu, ambayo yeyote anaweza kuichora. Udhaifu wake ni dereva anayepiga simu akiwa bado barabarani: "Dada, nitajie ile namba nifunge oda, nakaribia." Mwandikie mteja wako mapema kwamba namba haitajwi mpaka mzigo uwe mkononi.

Mizigo ya mikoani ina kanuni yake. Mzigo ukishapakiwa kwenye basi la Mwanza, mfumo unanyamaza mpaka upokewe kule. Ukimya huo hauna ubaya, mradi una jina la basi na stakabadhi. Anayeahidi kwamba mteja wa Mwanza ataona mzigo wake kila dakika, muulize kifaa cha kuuonyesha kimefungwa wapi.

Kabla ya kusaini, omba orodha ya mizigo yote ya wiki moja iliyopita, majina na namba za wateja yakiwa yamefutwa: kila mzigo, saa uliyochukuliwa, kila jaribio la kuufikisha na ulivyoishia. Aliye na mfumo unaofanya kazi huitoa bila shida. Halafu soma kifungu cha fidia. Kama kampuni inalipa mwisho shilingi 50,000 kwa mzigo uliopotea, na wewe unauza magauni ya harusi ya 180,000, basi kwa kila gauni linalotoka dukani hatari ya 130,000 ni yako, hata kama ufuatiliaji wao ni wa uhakika kiasi gani. Dai kiwango cha juu zaidi kwa maandishi, au mizigo hiyo umpe dereva unayemjua.